Nyumba ya ndugu wanne na karatasi ya mstari mmoja

Karatasi yenyewe huletwa Jumapili jioni. Imechapwa kwenye saiba ya mtaani, imekunjwa mara mbili, na ina mstari mmoja tu: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini, wamiliki wenza wa nyumba iliyotajwa, hatuna pingamizi nyumba hiyo itumike kama dhamana ya mkopo wa ndugu yetu." Chini kuna nafasi ya majina matatu na nambari za vitambulisho, na pembeni duara la kalamu linaloonyesha mahali ambapo chifu atagonga muhuri. Chai imeshamiminwa. Kaka anasema, "Ni taratibu tu za benki, dadangu. Weka sahihi, kesho asubuhi nawahi tauni."

Sisi tunasema dada asiweke, angalau si kwenye karatasi hiyo. Kaka huenda ni mtu mwaminifu na biashara yake huenda ni nzuri. Tatizo ni kwamba karatasi haitaji benki, haitaji kiasi, haisemi mkopo utaisha lini wala utalipwa na nini. Anayeitia sahihi amekubali jambo asilolijua ukubwa wake, na nyumba ni ileile moja.

Jambo hili linazidi kutokea Eastlands kwa sababu ya umri wa mitaa yenyewe. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970. Umoja ni ya miaka hiyohiyo, na ndivyo ilivyo Dandora, ambako watu wa kipato kidogo walipewa viwanja katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Waliozipata nyumba hizo wakiwa vijana wenye watoto wadogo sasa wengi ni marehemu. Nyumba iliyokuwa na jina moja kwenye hati leo ina warithi watatu, wanne, hata saba. Katikati ya miaka hiyo ua ulijazwa vyumba vya kupangisha, thamani ikapanda, na mmoja wa watoto ana biashara inayohitaji mtaji. Hati ya nyumba ndiyo mali pekee ya familia ambayo benki itakubali kuitazama.

Tuanze na swali ambalo watu hulikwepa: nyumba ni ya nani kwenye rejista? Kama jina lililoandikwa bado ni la baba aliyefariki, mjadala wa ridhaa haujafika. Watoto wote wakubaliane, watie sahihi mbele ya chifu na wazee wa mtaa, bado hakuna aliye na mamlaka ya kuiweka nyumba hiyo rehani. Lazima kwanza kesi ya urithi ifunguliwe mahakamani, tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi la serikali, msimamizi wa mirathi ateuliwe, mgao uthibitishwe, kisha majina ya warithi yaingizwe kwenye rejista. Uthibitisho huo kwa kawaida huja baada ya miezi 6 tangu msimamizi ateuliwe. Anayesema atapata mkopo mwezi ujao kwa hati yenye jina la marehemu haelewi sheria, au ana mpango wa kuizunguka.

Majina yakishaingia, tazameni yameingiaje. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 91, inatambua namna mbili za watu kumiliki ardhi kwa pamoja, na tofauti yake ndiyo inayoamua karatasi ya kaka ina nguvu gani. Namna ya kwanza ni umiliki usiogawika. Hapo hakuna mwenye fungu lake, wote wanamiliki kitu kizima, na mmoja akifa sehemu yake inabaki kwa waliosalia. Katika umiliki huo ardhi haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani ila na wamiliki wote kwa pamoja. Barua ya kusema "hatuna pingamizi" haitoshi, kwa sababu kila mmoja lazima atie sahihi hati ya rehani yenyewe kama mwenye mali.

Namna ya pili ni umiliki wa mafungu. Kila mmoja ana sehemu yake, robo au theluthi, ingawa hakuna ukuta unaoonyesha robo hiyo inaanzia wapi. Akifa, fungu lake linakwenda kwa warithi wake mwenyewe. Ndugu waliogawiwa na mahakama kwa sehemu sawa huangukia hapa. Hata hati ya uhamisho isiposema ni namna gani, sheria huchukulia kuwa ni mafungu yaliyo sawa. Katika umiliki huu mwenye fungu anaweza kushughulika na fungu lake, lakini akitaka kulitoa kwa mtu asiyekuwa mmoja wao, ni lazima apate ridhaa ya maandishi ya wenzake. Sheria inaongeza kwamba wenzake nao wasiinyime ridhaa hiyo bila sababu ya msingi. Tutarudi kwa hilo.

Hapa ndipo karatasi ya mstari mmoja inapowapotosha watu. Dada anadhani anamruhusu kaka aweke rehani robo yake. Benki haitaki robo. Nani atanunua mnadani robo ya nyumba ya Umoja iliyojaa wapangaji, akae na dada watatu wasiomjua? Benki inataka nyumba nzima. Kwa hiyo baada ya ile barua kuja ofisini, wakili wa benki huandaa hati ambayo ndugu wote wanne ni waweka rehani na mdaiwa ni mmoja. Ridhaa ya Jumapili imegeuka, ifikapo Alhamisi, kuwa dada ameweka robo yake mwenyewe mezani kwa deni la mtu mwingine.

Na kuna sahihi ya tatu, ambayo mara nyingi hufichama katikati ya rundo la karatasi: dhamana binafsi. Mwenye kutoa ridhaa ameruhusu tu. Mweka rehani anaweza kupoteza nyumba, lakini nyumba ikiuzwa na deni likabaki, baki hilo ni la mkopaji. Aliyetia sahihi dhamana binafsi ameahidi kulipa yeye mwenyewe, na anaweza kudaiwa kupitia mshahara wake, gari lake au akiba yake hata baada ya nyumba kwenda. Ukiitwa ofisini kwa wakili ukapewa kurasa thelathini, swali la kwanza liwe hili: kati ya hizo tatu, ninatia sahihi ipi? Ukijibiwa kwamba zote ni kitu kimoja, funga kalamu yako urudi nyumbani.

Sasa hesabu, maana maneno ya undugu hufunika hesabu. Tuchukue mfano wa nyumba ya Umoja yenye wamiliki wanne wa mafungu sawa. Mthamini anasema kwa bei ya soko ina thamani ya shilingi milioni 12. Ina vyumba sita vya kupangisha, kila kimoja shilingi 9,000, kwa hiyo kodi ya mwezi ni 54,000. Kaka ana karakana ya kuchomelea vyuma Kariobangi na anataka milioni 4 za mashine, azilipe kwa miaka mitano. Tuseme riba ni asilimia 16 kwa mwaka. Kila mwezi atatakiwa kulipa kama shilingi 97,300.

Kaka anasema, "Msiwe na wasiwasi, kodi ya nyumba itajilipia." Haiwezi. Kwanza 54,000 haifiki 97,300. Pili, na hili ndilo husahauliwa, kodi hiyo si yake. Robo yake ni 13,500. Akitumia kodi yote kulipa mkopo wake, dada zake watatu wanamchangia 40,500 kila mwezi kwa miaka mitano bila mtu kuliita jambo hilo kwa jina lake. Kwa hiyo karakana lazima itoe karibu shilingi 83,800 kila mwezi, za faida, baada ya vyuma, stima na vijana wa kazi kulipwa. Swali la familia ni kama karakana hiyo imewahi kutoa pesa hizo. Taarifa za benki na za M-Pesa za mwaka mmoja uliopita zitajibu vizuri zaidi ya kiapo chochote. Benki itaziomba, na hakuna sababu ndugu wapewe habari kidogo kuliko benki.

Tuendelee na mfano hadi mahali pabaya. Kaka analipa vizuri miezi 18, kisha kazi inaanguka. Salio la deni hapo ni kama milioni 3.1. Riba inaendelea kupanda, adhabu za kuchelewa zinaongezwa, mawakili na dalali wanadai chao, na siku ya mnada deni lote limefika, tuseme, milioni 3.8. Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji apate bei bora inayoweza kupatikana kwa haki. Bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa robo nzima au zaidi, inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu huo hadi athibitishe vinginevyo. Ndiyo maana mnadani watu huzungumzia asilimia 75. Nyumba ya milioni 12 inauzwa milioni 9.

Benki inachukua 3.8, zinabaki milioni 5.2. Kila fungu kwa bei hiyo ya mnada lilikuwa milioni 2.25, kwa hiyo dada watatu walistahili milioni 6.75. Hazipo. Fungu lote la kaka limeliwa na deni, na bado dada wamepoteza milioni 1.55 zao, kama shilingi 517,000 kila mmoja. Kila mmoja anaondoka na kama milioni 1.73 kwa fungu ambalo sokoni lilikuwa la milioni 3, na hana tena chumba wala kodi. Deni la kaka kwa dada zake sasa ni la kifamilia, bila karatasi na bila dhamana. Kila mtu Eastlands anajua madeni ya namna hiyo hulipwa lini.

Kutokana na hesabu hiyo tunapendekeza kipimo kimoja, ambacho hakimo katika sheria lakini familia yoyote inaweza kukishika: mkopo pamoja na gharama zake usizidi fungu la mkopaji kwa bei ya mnada. Katika mfano wetu fungu hilo ni milioni 2.25. Kaka akiomba milioni 2, malipo ya mwezi yanashuka hadi kama 48,600, na mambo yakiharibika baada ya miezi ileile 18, deni lote litakuwa karibu milioni 1.9. Nyumba itakuwa imeuzwa, na hilo ni jeraha lenyewe, lakini kila dada atapata milioni 2.25 zake kamili, na kaka ndiye atakayebaki na kidogo. Akisisitiza milioni 4, basi aambiwe ukweli kwamba zile za ziada anazikopa kwa dada zake, na makubaliano yao yaandikwe kando na wakili: nani atafidia nani, kutoka wapi, na fungu lake la nyumba lipungueje akishindwa.

Kwa hiyo ombi la ridhaa liandikwe kama ombi la mkopo. Hata likiwa la mkono kwenye karatasi ya daftari, lisomeke hivi:

"Ndugu zangu, naomba ridhaa yenu ya maandishi ili nyumba yetu ya Umoja, ambayo kila mmoja wetu ana robo, iwekwe rehani kwa benki ambayo barua yake imo ndani ya bahasha hii, kwa mkopo wangu usiozidi shilingi 2,000,000, wa miezi 60, wa kununua mashine ambazo bei zake nimeambatisha. Malipo ni kama 48,600 kwa mwezi na yatatoka karakana, si kwenye kodi ya nyumba. Ridhaa hii ni ya mkopo huu peke yake. Sitaongeza wala kurefusha mkopo bila kuwaomba upya. Nawaombeni mnijibu kwa maandishi ndani ya wiki tatu, na kabla ya hapo kila mmoja apate nafasi ya kuonyesha karatasi hizi kwa wakili wake. Barua ya benki ya kunipa mkopo, ripoti ya mthamini na rasimu ya hati ya rehani zimo ndani ya bahasha."

Maneno mawili katika barua hiyo yana uzito kuliko yote: "usiozidi" na "mkopo huu peke yake". Sheria ya Ardhi inaruhusu hati ya rehani iwe na kifungu cha mikopo ya nyongeza, yaani nyumba hiyohiyo ilinde pesa ambazo benki itampa mkopaji baadaye. Ukiwa umetia sahihi hati ya namna hiyo bila kikomo, kaka akimaliza nusu ya mkopo anaweza kuongezewa mwingine, na wewe utapata habari siku dalali anapobandika karatasi kwenye geti. Kikomo kiandikwe ndani ya hati ya rehani yenyewe, kwani benki haifungwi na barua iliyobaki kwenye droo ya mama. Njia moja ya kukagua ni ushuru wa stempu, ambao kwa rehani ni asilimia 0.1 ya kiasi kinacholindwa. Mkopo wa milioni 2 hulipiwa shilingi 2,000. Ukiona hati imelipiwa 5,000, uliza mbona.

Wiki tatu pia si mapambo. Wakili anayeshuhudia sahihi yako kwenye rehani huweka cheti kwamba alikueleza maana yake. Mara nyingi wakili huyo ni wa benki, amelipwa kwa pesa za mkopo, na maelezo yenyewe huchukua muda wa kunywa glasi ya maji. Ndugu asiye mkopaji amtafute wakili wake. Atalipa elfu kadhaa, na tunajua elfu kadhaa si mchezo, lakini robo ya nyumba ni mamilioni.

Wanaohesabiwa si walio kwenye hati tu. Kama kaka anaishi na mkewe ndani ya nyumba hiyo, Sheria ya Ardhi, kifungu cha 79, inasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali tu ikiwa mwenzi anayeishi humo ametia sahihi au ushahidi wa kukubali kwake unaonekana kwenye hati. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inadai ridhaa hiyo iwe ya maandishi na itolewe na mtu anayeelewa anachokubali. Shemeji asiyeandikwa popote kwenye rejista anaweza kuwa ndiye sahihi yake ikikosekana rehani inaanguka. Benki zinalijua hili, ndiyo maana baadhi ya wakopaji hufika na hati ya kiapo inayosema hawajaoa. Ndugu wanaojua ukweli na kunyamaza wanajitengenezea kesi ya miaka.

Anayedhani mwanamke asiye na jina kwenye hati hana chake akumbuke uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 27 Januari 2023, ambao chimbuko lake lilikuwa hapahapa Eastlands, nyumba ya familia na vyumba vya kupangisha vya Tassia. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba. Mahakama ya Rufaa ikampa nusu. Mahakama ya Juu ikasema usawa ulio kwenye Katiba haumaanishi kila mali igawanywe nusu kwa nusu, na kwamba mchango wa kila mmoja lazima uthibitishwe, lakini katika kesi ile ikaiacha nusu yake mahali pake. Kesi hiyo ilihusu mgao baada ya ndoa kuvunjika, haikuhusu rehani. Tunaitaja kwa sababu moja tu: mahakama zetu hutazama nyuma ya jina lililo kwenye hati, na benki au ndugu asiyetazama huko anajidanganya.

Turudi kwa dada anayekataa. Tumesema asitie sahihi karatasi ya mstari mmoja, lakini hatujasema akatae kila kitu. Sheria inamlinda kaka pia. Akileta ombi kamili, kiasi kilicho ndani ya fungu lake na biashara inayoonekana kulipa, na dada akajibu, "Ulinikosea kwenye matanga ya mama," hiyo si sababu. Kaka anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kudai kwamba ridhaa inanyimwa bila msingi. Sababu za msingi zipo nyingi: kiasi kinachozidi fungu, mapato yasiyothibitika, deni la zamani ambalo halijaisha, hati yenye kifungu cha mikopo ya nyongeza, mtoto au mzee anayeishi humo na hana pa kwenda. Anayekataa aandike sababu yake na tarehe. Kukaa kimya, kutopokea simu na kuhamia kundi jingine la WhatsApp ni njia ya kumlazimisha kaka atafute njia za panya.

Na njia hizo zipo. Kuna sahihi za kughushi. Kuna "dada" wa kukodi anayefika kwa wakili na kitambulisho cha bandia. Kuna shailoki asiyejali rejista, anayechukua hati halisi au, kwa viwanja visivyo na hati, barua ya mgao au cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi, akaifungia kabatini hadi alipwe. Katika hali hiyo ya mwisho hakuna rehani iliyosajiliwa wala ulinzi wowote tuliotaja humu, na ndugu wengi hugundua siku wanapohitaji karatasi hiyo kwa jambo lingine.

Mwenye shaka asingoje. Fanya sachi. Tangu Aprili 2021 shughuli za ardhi za Nairobi zinahamishiwa kwenye mfumo wa Ardhisasa, na mmiliki mwenye akaunti anaweza kuomba taarifa ya nyumba yake akiwa kitandani. Kila ndugu afungue akaunti yake mwenyewe kwa simu yake mwenyewe. Kumwachia kaka mmoja akaunti za wote "kwa sababu yeye ndiye anajua kompyuta" ni kumpa kalamu za wote. Taarifa ikija, usiishie kwenye majina. Tazama sehemu ya vikwazo, kwani rehani huandikwa hapo, na rehani ya kisheria haina nguvu hadi iandikwe. Ukiona dalili kwamba jambo linapikwa bila wewe, unaweza kumwomba msajili wa ardhi aweke tahadhari kwenye rejista ili lolote lisisajiliwe kabla hujaarifiwa.

Mkopo ukishatolewa na mambo yakaenda kombo, mmiliki mwenza ana haki ya kujua. Benki lazima kwanza itoe notisi ya kushindwa kulipa yenye muda usiopungua miezi 3. Kisha notisi ya kuuza ya siku 40, na nakala ya hii ya pili lazima imfikie mmiliki mwenza na mwenzi aliyetoa ridhaa. Baadaye dalali hutoa notisi ya siku 45 ya kukomboa mali. Zikifuatana moja baada ya nyingine, ni karibu miezi 6. Ndani ya muda huo ndugu wanaweza kulipa malimbikizo, kutafuta mnunuzi wa bei nzuri kuliko ya mnada, au kwenda mahakamani kama notisi zilirukwa. Lakini notisi hutumwa kwa anwani iliyo kwenye hati. Katika familia nyingi anwani ya wote wanne ni sanduku la posta la marehemu baba, ambalo ufunguo wake anao kaka. Kabla ya kutia sahihi, kila mmoja aandike anwani yake, simu yake na barua pepe yake, na ajionee zimeingia kwenye hati.

Kaka akimaliza kulipa, rehani haijifuti yenyewe. Benki itoe hati ya kuiondoa, isajiliwe, kisha sachi ifanywe tena hadi sehemu ya vikwazo iwe tupu. Rehani iliyoachwa hai baada ya deni kuisha ni mlango uliosahauliwa wazi, na mwenye kifungu cha mikopo ya nyongeza anaujua. Hati ya nyumba nayo isirudi mfukoni mwa mkopaji. Irudi kwa ndugu aliyekuwa akiitunza kabla ya yote haya, mbele ya wenzake, na yeye aandike nyuma ya bahasha tarehe aliyoipokea.